Jinsi vijana wanaoiba au kupigana wanavyojitoa hatiani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayojirudia kila tunapokaa na wazazi, walimu, wenyeviti wa mitaa na viongozi wa vijiwe vya bodaboda, hapa Dodoma mjini na huko Kongwa, Chamwino na Bahi. Jibu lolote unaweza kulisoma peke yake. Jambo likiwa limeshaelezwa mahali pengine, tumetaja namba ya swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Mbinu za kupooza hatia ni nini?

Ni maneno ambayo mtu anajiambia ili aweze kufanya jambo ambalo yeye mwenyewe anajua si sahihi. Kijana anajua kuiba ni vibaya. Akiibiwa simu atapiga kelele kama mwingine yeyote, na hatapenda mdogo wake awe mwizi. Lakini leo, mahali hapa, kwa mtu huyu, anapata sababu inayoiweka kanuni hiyo pembeni kwa muda. Akishamaliza, kanuni inarudi palepale ilipokuwa.

Kwa hiyo kijana wa aina hii hajaikataa sheria ya jamii. Amejipa ruhusa maalumu.

2. Wazo hili lilitoka wapi?

Lilitolewa na Wamarekani wawili wa elimu ya jamii, Gresham Sykes na David Matza, katika makala yao ya mwaka 1957. Miaka miwili kabla yao, Albert Cohen alikuwa ameandika kwamba vijana wa magenge wana utamaduni wao uliogeuzwa kichwa chini: jamii ikisema hiki ni kizuri, wao wanakiona kibaya.

Sykes na Matza waliona maelezo hayo hayatoshi. Kama kijana kweli anaamini wizi ni jambo jema, kwa nini anaona aibu akikamatwa? Kwa nini anamheshimu mama yake mcha Mungu, au mzee wa mtaa anayejulikana kwa uaminifu? Na kwa nini anachagua wa kumwibia, wengine hawagusi? (Tazama swali la 8.) Walihitimisha kwamba kijana huyu bado amefungwa na maadili yaleyale yanayotufunga sisi, ila amejifunza namna ya kulegeza kamba. Mwaka 1964 Matza aliendeleza wazo hilo katika kitabu, akasema vijana wengi wanaelea tu, leo upande huu na kesho ule, bila kuamua moja kwa moja kuwa wahalifu.

3. Mbinu zenyewe ni zipi?

Walitaja tano. Huhitaji kukariri majina yake, maana ukisikia maneno utazitambua.

Ya kwanza ni kukana kwamba ni yeye aliyetenda, ingawa mkono ni wake. "Shetani alinipitia." "Pombe ile." "Tumekulia maisha magumu, ungekuwa wewe ungefanya nini?" Sykes na Matza walisema kijana huyu anajiona kama gololi inayogongwa na wengine, inaenda inakosukumwa.

Ya pili ni kukana madhara: tendo analikubali, lakini anasema halikumuumiza mtu. "Ana hela yule, hatashtuka." Hapa ndipo majina laini yanapoingia: hakuiba, alidokoa, hawakupigana, walikuwa wanawekana sawa.

Ya tatu ni kumkana mwathirika. Madhara yapo, lakini aliyeumia alistahili. "Amejitakia mwenyewe." Mbinu hii pia huja kwa sura nyingine, pale mwenye mali anapokuwa haonekani: "Mali ya umma ile, haina mwenyewe."

Ya nne ni kuwageuzia kibao wanaomlaumu. "Mgambo wenyewe wanakula." "Mwalimu anachapa kwa chuki." Mjadala unahama kutoka kwa alichofanya kijana, unakwenda kwenye tabia za anayemuuliza.

Ya tano ni uaminifu kwa watu wake. "Ningemwacha mwanangu apigwe peke yake?" Sheria anaijua na anaiheshimu, lakini mshikaji wa kijiweni, ndugu au timu anawaweka juu yake.

Wengine waliokuja baadaye wameongeza nyingine. Inayofaa kuijua ni ile aliyoiandika Carl Klockars mwaka 1974, ya mtu anayejifanyia hesabu: mema yangu ni mengi, kwa hiyo baya hili moja linafutika. Kijana anayelipa ada ya mdogo wake kwa hela ya wizi huzungumza hivyo hasa.

4. Si ndiyo visingizio vya kawaida tu? Kila mtu akikamatwa anajitetea.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Kisingizio hutolewa baada ya tendo, kwa ajili ya masikio ya wengine. Sykes na Matza walidai kwamba maneno haya huja *kabla*, na ndiyo yanayoliwezesha tendo lenyewe. Kijana anayajifunza kijiweni, kazini au nyumbani kwa kuwasikia wakubwa, na siku nafasi ikitokea maneno tayari yapo kichwani yakisubiri.

Dai hilo ni gumu kulithibitisha, na swali la 14 linaeleza kwa nini. Ila lina faida ya papo kwa papo: kama maneno hutangulia, basi unaweza kuyasikia kabla mtu hajaiba.

## Wizi: kisa kimoja kwa undani

5. Tuonyesheni mfano mmoja hatua kwa hatua.

Mfano huu tumeuunda kutokana na mambo yanayojulikana katika biashara ya nafaka kanda ya kati. Hautaji mtu wala soko fulani.

Kijana wa miaka 17 ameacha shule, amepata kazi ya ukuli kwenye soko la mahindi kando ya barabara kuu. Mkulima analeta magunia yake. Kabla ya kununua, mnunuzi anataka kuona mahindi ya ndani, si yale ya mdomoni tu. Kijana anachukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji katikati, anachoma gunia, na mahindi yanateremka kiganjani. Mnunuzi anaangalia rangi, anang'ata punje kusikia kama imekauka, anatafuta dumuzi. Akimaliza, mahindi hayarudi guniani. Yanaingia kwenye mfuko wa kijana.

Wiki ya kwanza kijana aliyarudisha. Wakubwa wakamcheka: "Sampuli haina mwenyewe. Hiyo ndiyo chai yetu." Kabla hajachukua punje moja, ameshapewa maneno mawili, kwamba mali haina mwenyewe na kwamba kuchukua ni haki ya kazi. Wiki ya pili akachukua. Mwezi wa pili alikuwa anachoma gunia moja mara tatu, na mara nyingine mnunuzi hayupo hata karibu.

Muulize sasa. "Robo kilo kwenye gunia la kilo 100, nani ataona?" Hapo anakana madhara, na kwa gunia moja hesabu yake ni sahihi. Lakini fuata siku nzima: magunia 160 kwa robo kilo ni kilo 40, karibu debe mbili. Sasa fuata upande wa mkulima. Ameleta magunia matano, wamepita wanunuzi wanne, na kila mmoja kijana wake amechoma magunia yote. Ni kilo 5 zimeondoka kabla hayajafika kwenye mizani, na yeye atalipwa kwa kilichopimwa. Kilo 5 ni chakula cha siku mbili kwa familia ya kawaida.

Kijana hadanganyi anaposema hajaona aliyeumia. Kazi yenyewe imegawanywa vipande vidogo mno kiasi kwamba hakuna mtu mmoja mwenye sura ya mwathirika mbele yake. Anachoona ni magunia.

Mbane zaidi, naye atahama: "Mbona tajiri ananunua lumbesa?" Amekugeuzia kibao. Ukiendelea: "Kila mtu anakula kwa urefu wa kamba yake." Ukimtishia polisi: "Nina mama mgonjwa." Ndani ya dakika kumi amepita mbinu nne, na kila moja ameichukua pale iliyotangulia ilipozibwa. Huko kuhamahama ni dalili muhimu. Mtu anayeamini kweli kwamba hajafanya kosa hukaa kwenye sababu moja.

6. Lakini hilo la lumbesa si kweli? Wakubwa hawaibi?

Ni kweli, na ndiyo maana mbinu hii ina nguvu. Kujaza gunia kupita kilo 100 kwa bei ya gunia moja ni kumpunja mkulima, na imepigwa marufuku, lakini kijana anaiona kwa macho yake.

Tatizo liko kwenye hatua inayofuata. Anayepunjwa na lumbesa ni mkulima. Anayepunguziwa kwa bambo kabla ya mizani ni mkulima yuleyule. Kijana anatumia dhambi ya tajiri kuhalalisha kumchukulia mtu ambaye tajiri ameshampunja. Mwulize tu, "Haya mahindi ya kwenye mfuko, kabla ya mizani yalikuwa ya nani?" Sijaona hoja inayomnyamazisha kijana wa sokoni haraka kuliko hiyo, na haihitaji kumtetea tajiri hata kidogo.

Kosa la wazee wengi ni kukanusha: "Usiseme hivyo kuhusu wakubwa." Kijana anajua unachokanusha ni kweli, na kuanzia hapo hana sababu ya kukuamini kwa lingine lolote.

7. "Nilikuwa nitarudisha." Huo ni wizi?

Hii husikika sana kwa vijana wanaoachiwa kibanda cha kutuma na kutoa hela, au duka la shangazi. Anachukua elfu 20 Ijumaa kwa ajili ya mkeka wa mpira, akiwa na nia kabisa ya kuirudisha Jumatatu.

Kisheria jibu ni fupi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 258 kinachoeleza maana ya wizi, kinasema kwamba kuchukua pesa kwa nia ya kuitumia utakavyo kunahesabika kuwa nia ya wizi, hata kama ulikusudia kumlipa mwenyewe baadaye. Utetezi huo sheria ilishaufikiria na kuufungia mlango.

Upande wa akili ya mtu, Mmarekani Donald Cressey aliwahoji wafungwa waliokuwa wameaminiwa fedha wakazila, akachapisha matokeo mwaka 1953. Wengi walikuwa watu wazima wenye kazi za heshima. Aligundua kwamba haikutosha kuwa na shida na nafasi. Ilibidi kwanza wapate maneno ya kujiambia, na maneno makuu yalikuwa "nakopa". Kwa hiyo kijana wa kibanda na mhasibu wa ofisi kubwa wanasoma darasa moja.

8. Kwa nini anawaibia wageni na mtaani kwake hagusi?

Kwa sababu dhamiri yake iko hai. Angekuwa hana mipaka, angechukua kilicho karibu. Anapokwambia "mama ntilie simuibii, anahangaika," amekuonyesha kwamba anajua wizi unaumiza, na kwamba anaamua nani aumie. Usilipuuze jibu hilo. Ndilo mlango wa kuanzia mazungumzo (swali la 11).

## Ngumi

9. Kwenye ugomvi vijana wanajisifu waziwazi. Hapo hatia iko wapi?

Kujisifu kunadanganya. Robert Agnew, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1994 kwa kutumia takwimu za vijana wa Marekani, aliona kwamba wanaokubali kupigana kwa jumla ni wachache. Walio wengi wanasema ni vibaya, *isipokuwa*. Isipokuwa umetukanwa, umechokozwa, mwenzako amepigwa. Na waliokubali "isipokuwa" nyingi zaidi ndio waliopigana zaidi baadaye, hasa kama marafiki zao ni wapiganaji.

Chukua mechi ya jioni kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mmoja anachezewa rafu, anasukuma, kunatokea tusi la mama. Dakika mbili baadaye mtu ana jino limetoka. Waulize mmojammoja na utasikia hadithi ileile: kila mmoja *alijibu*, hakuna aliyeanza. Tusi la mama linafanya kazi mbili kwa pamoja: linamfanya aliyepigwa kuwa mkosaji, na linaigeuza ngumi kuwa wajibu wa mtoto kwa mama yake. Ndiyo maana ukimuuliza "kwa nini ulipigana?" unapoteza muda, jibu limeshaandaliwa. Muulize ilikuwaje akaendelea baada ya mwenzake kuanguka. Hilo tusi halilielezi.

10. Na wananchi wanaompiga mwizi?

Wanatumia mbinu zilezile, na kwa ufasaha kuliko vijana. "Amejitakia" ni kumkana mwathirika. "Polisi watamwachia kesho" ni kugeuza kibao. "Tulikuwa wengi, sijui nani alipiga" ni kukana kuhusika. "Tunalinda mtaa wetu" ni uaminifu kwa watu wetu. Mtoto wa darasa la sita aliyesimama pembeni akishuhudia watu wazima wenye heshima zao wakifanya hivyo ameyasikia yote manne siku moja.

Kwa kijana aliyepigwa mwenyewe, kipigo humpa neno jipya: sasa yeye ndiye aliyeonewa, na simu aliyoiba haizungumzwi tena na mtu yeyote.

## Kuzungumza naye

11. Mwanangu ameiba. Nimwambie nini?

Anza na kilichotokea, usianze na tabia yake. "Wewe ni mwizi" ni hukumu juu ya mtu mzima mzima, naye ataikwepa kwa kukuhukumu wewe. "Simu ya mama fulani ilikuwa kwenye begi lako" ni jambo, na jambo halikwepeki kirahisi.

Kisha mwache aseme sababu zake zote bila kumkatiza. Hii ni ngumu kwa mzazi, najua. Lakini ukimkatiza kwenye ya kwanza, hutajua ya nne, na mara nyingi ile ya mwisho ndiyo inayombeba.

Halafu rudisha kile alichokificha. Kama anakana madhara, fuata mali mpaka mwisho wake kama tulivyofanya na mahindi kwenye swali la 5: ile simu ilikuwa na namba za wateja wa mama huyo, salio la vikoba, picha za mtoto. Kama anamkana mwathirika, tumia mipaka yake mwenyewe: "Ulisema anayehangaika humuibii. Huyu hahangaiki?" Kama ni uaminifu kwa wenzake, usiwatukane wenzake, muulize kati yao nani angekaa mahabusu kwa ajili yake.

Mwisho arudishe mwenyewe, uso kwa uso, mzazi akiwa pembeni na mwenye mali akiwa amekubali. Kulipa kwa mkono wa baba kunamwacha kijana bila kumwona aliyemuumiza.

12. Nikimchapa hataacha?

Huenda akaacha kuonekana. Kuhusu maneno anayojiambia, soma aya ya mwisho ya swali la 10.

13. Akikiri kabisa na kusema "mimi ni mtu mbaya", ndiyo tumefaulu?

Si lazima, na hapa wengi hushangaa. Shadd Maruna, aliyewahoji watu wenye historia ya uhalifu mjini Liverpool na kuchapisha kitabu mwaka 2001, aliona kwamba walioacha uhalifu hawakuwa wale wanaojiona wabaya kwa asili. Walijiona watu wazuri kwa ndani ambao mazingira yaliwapotosha, na sasa wanataka kulipa fadhila. Wale waliosema "ndivyo nilivyo" ndio waliokuwa bado wanaendelea.

Kwa hiyo mzazi anayefurahia mtoto kulia na kujilaani anaweza kuwa anafurahia kitu kibaya. Tunachotaka akubali ni tendo, pamoja na aliyeumia. "Nilifanya, na nilimuumiza" inatosha. Akiongeza kwamba maisha yalikuwa magumu, mwache aongeze, ilimradi hakuitumia kufuta sehemu ya kwanza.

## Maswali magumu kidogo

14. Udhaifu wa nadharia hii ni upi?

Mkubwa ni wa wakati. Karibu kila tunachokijua tunakisikia baada ya tendo, kwa hiyo hatuna hakika maneno yalitangulia. Travis Hirschi alisema mwaka 1969 kwamba inawezekana kijana anaiba kwanza, anatafuta maneno baadaye, kisha maneno hayo yanamrahisishia wizi wa pili. Kwa kijana wa bambo, yule wa swali la 5, ungeweza kuisoma habari yake kwa njia zote mbili, hasa pale alipotoka kuchoma mara moja hadi mara tatu.

Udhaifu wa pili ni kwamba wapo ambao hawana cha kupooza. Volkan Topalli, aliyewahoji wahalifu wazoefu wa mitaani huko Marekani, alikuta baadhi yao wanajieleza pale walipo*shindwa* kulipiza kisasi au walipomhurumia mtu. Kwao aibu iko upande wa pili. Mbinu za swali la 11 hazikuandikwa kwa ajili ya watu hao.

15. Mtoto wa miaka 9 au 11 je?

Kwa sheria yetu, mtoto chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai kwa lolote alilofanya. Chini ya miaka 12 hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba wakati wa tendo aliweza kujua kuwa halifai. Maneno yanayoweza kutupatia fununu ya kujua huko ndiyo hayahaya: mtoto anayeficha, au anayesema "hakuwa ananiona", ameonyesha anafahamu kitu. Lakini mtoto huiga pia, na anaweza kusema "ana hela nyingi" kwa sababu tu amelisikia mezani. Uamuzi huo ni wa mahakama, si wa balozi wa nyumba kumi.

16. "Shetani alinipitia." Mimi ni muumini, na naamini shetani yupo. Nimkatalie?

Huna haja. Muulize alipitia saa ngapi, na kijana alikuwa amesimama wapi akimsubiri. Ukifuata habari yenyewe utakuta alishazunguka duka mara mbili, aliangalia mlinzi yuko wapi, na alikuwa na mfuko tayari. Imani yako inabaki ilivyo, na maandalizi yanabaki kuwa yake.

17. Mzazi anayesema "mwanangu hana tabia hiyo, ni marafiki" naye anafanya nini?

Anampa mtoto mbinu ya kwanza ikiwa tayari imepikwa. Tumeona kikao ambacho kijana alikuwa amekaribia kusema "nilichukua mimi", mama akamtangulia kwa kutaja majina matatu ya wenzake. Kijana akanyanyua kichwa, akamtazama mama yake, na kuanzia hapo alikuwa anaitikia tu. Siku hizi tunamwomba mzazi akae upande uleule wa meza na kijana, na asizungumze mpaka kijana amalize. Wengi hawawezi dakika tano.